Jina la Kiswahili kwenye sikio la Mrusi: njia tatu za kulikagua, na ipi ikufae

Mwaka wangu wa kwanza Voronezh, mji wa Urusi, kabla Kirusi hakijanikaa, nilipanda basi na Mtanzania mwenzangu. Tukawa tunabishana kuhusu mtu fulani wa hosteli: huyu ndiye, huyu siye, huyu kasema, huyu kakana. Bibi aliyekaa mbele yetu aligeuka mara mbili, mara ya tatu akahama kiti. Jioni tulimweleza kaka mmoja wa mwaka wa tatu, akacheka hadi akakaa chini. "Hilo 'huyu' lenu," akasema, "kwa Kirusi ni tusi la nguoni. Tena mmelitamka vizuri kuliko wenyewe."

Ni tusi linalotaja utupu wa mwanamume, na umbo lile hasa ndilo neno linalochukua linapobeba maana ya "kwa" au "kumpa". Jambo hilo la umbo linaonekana dogo, lakini ndilo linalofanya ukaguzi wa majina kwa Kirusi uwe mgumu. Neno la Kirusi halitulii. Nomino ina hali sita, umoja na wingi, kila hali na mwisho wake, na kitenzi nacho hubadilika kwa kila nafsi. Kamusi hukuonyesha neno likiwa limekaa tu, ilhali mitaani utalikuta linatembea.

Siku hizi Warusi wamejaa fukwe za kaskazini na mashariki mwa Zanzibar, na watu wenye maduka, boti na saluni huniuliza kama jina lao "liko salama". Wengi wanataka jibu la ndiyo au hapana kwa simu. Mimi huwauliza kwanza jina litakaa wapi: kwenye kibao, mdomoni mwa wapiga debe, au kwenye chupa itakayosafiri hadi Moscow. Njia za kukagua ni tatu, na hazikamati samaki wa aina moja.

Nichukue kazi moja kama ilivyokuwa. Dada mmoja wa Nungwi anasuka nywele za wageni na kuuza mafuta ya nazi anayoyapika mwenyewe, ya wazi na yaliyotiwa asumini. Wateja wake wengi ni Warusi, akataka jina la kibao na la chupa, na maneno machache ya kuvutia watu. Aliniletea orodha ya majina matatu, *Suka*, *Nazi Safi* na *Dada*, na kaulimbiu moja, *Hebu jaribu*.

Njia ya kwanza: mwenyewe, mezani, jioni moja

Hii haihitaji Kirusi kingi. Unaliandika jina kwa herufi za Kirusi kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, kisha unatafuta kila tahajia kwenye Yandex, mtambo wa Warusi wa kutafutia mtandaoni, na kwenye kamusi huru ya mtandaoni, `ru.wiktionary.org`. Usiandike tahajia moja tu. Kirusi hakina *h* yetu: wengine wataandika `х`, inayokwaruza kooni, wengine `г`, wengine wataiacha kabisa. Ule msemo wetu maarufu wa *hakuna matata* Warusi wengi wanaujua kama `акуна матата`, bila *h*. *J* inakuwa `дж`, na *w* inakuwa `в` au `у`.

Kwa nini Yandex na si kamusi peke yake? Kwa sababu Yandex inayajua maumbo. Ukiandika neno lililobadilishwa mwisho, inaleta na ndugu zake wote. Ukitaka umbo lilelile bila ndugu, tanguliza alama ya mshangao:

```
!дуру
!суку
```

Mfano mzuri wa umuhimu wa hili ni sabuni ya Kituruki ya Duru, ambayo imeuzwa Urusi kwa miaka mingi. Fungua kamusi utafute "duru" hutalikuta, kwa sababu kichwa cha neno ni *dura*, yaani mwanamke mpumbavu. *Duru* ni neno hilohilo pale linapotendwa, kama kwenye "nimemwona mpumbavu". Sabuni imeuzika vizuri tu, na hilo nalo ni somo: si kila mfanano unaua biashara. Lakini ni afadhali mtu aujue mapema aamue, kuliko aje aambiwe na mteja.

*Suka* lilianguka hapa ndani ya dakika mbili. Kwa Kirusi `сука` ni mbwa jike, na ni tusi la kila siku, na mkazo uko palepale tunapouweka sisi, kwenye silabi ya kwanza. Hakuna namna ya kulitetea. Yule dada alisikitika, maana kwetu ni neno la kazi yake hasa. "Sasa kaka, nisuke nywele nisiseme nasuka?" Nikamwambia aseme, asiandike. (Sikumwambia siku ile kwamba hata hilo "kaka" analoniitia mbele ya wateja, kwa mtoto wa Kirusi ni kinyesi. Mkazo nao ni uleule.)

*Dada* lilipita. Mrusi husikia "da-da", yaani "ndiyo, ndiyo", jinsi wanavyojibu simu. Nilipenda. Ila mezani hapohapo udhaifu wake ulijitokeza: ukilitafuta kwa Kirusi, kibao cha Nungwi hakionekani kamwe, limezama kwenye bahari ya watu wanaosema ndiyo. Maana njema haitoshi kama mteja aliyerudi kwao hawezi kukupata tena.

Njia hii ni ya bure, na makosa mengi makubwa huishia hapo. Ina mitego miwili. Wa kwanza: mapendekezo yanayoshuka chini ya kisanduku cha kutafutia huchujwa matusi, kwa hiyo ukimya wake usikufariji. Wa pili ni kwamba ukikagua kwa herufi za Kirusi peke yake unasahau kuwa Mrusi anasoma na herufi zetu. *Nazi Safi* kwa sauti halina tatizo, kwa sababu neno lao la wafuasi wa Hitler lina *ts*, si *z*: *natsist*, kwa mkato *natsi*. Sikio halishtuki. Lakini chupa yenye N-A-Z-I kwa herufi za Kilatini, mbele ya mtu ambaye familia yake ilipoteza watu vitani, jicho linashtuka kabla sikio halijapata zamu. Ukitafuta tahajia ya Kirusi tu, hili halikufikii.

Kuna na mtego mdogo wa herufi kubwa. Baadhi ya herufi zinafanana umbo na hazifanani sauti: B kwao ni *v*, P ni *r*, H ni *n*, C ni *s*. Jina BABA lililoandikwa kwa herufi kubwa linaweza kusomwa "vava", neno la kitoto la kidonda au maumivu. Likisomwa kwa Kilatini ni *baba*, ambalo kwa Kirusi ni mwanamke, tena kwa kumshusha hadhi. Mtu anayefungua kinyozi cha wanaume akakiita BABA ana kazi ya kuchagua kati ya mabaya mawili.

Njia ya pili: mtaalamu mmoja, siku moja au mbili

Hapa unamlipa mtu anayejua lugha zote mbili akuandikie maoni. Anachokupa zaidi ya mezani ni daraja la ukali wa neno. Warusi wana matusi ya mizizi michache wanayoyaita *mat*, na hayo hayatamkwi mbele ya wazazi wala hayaruhusiwi kwenye matangazo. Chini yake yako maneno makali ambayo si *mat*, kama *suka*. Chini zaidi yako ya kitoto: *kaka*, *popa* ambalo ni makalio, na hilo *vava*. Halafu yako ya kuchekesha tu: *karibu*, kwa mfano, Mrusi analisikia kama jina la kulungu wa Amerika Kaskazini, mkazo na yote. Kibao cha "Karibu" hakimuudhi mtu, pengine mtoto ataulizia mnyama yuko wapi.

Daraja bila bidhaa halina maana. Neno la kitoto linaweza kuvumilika kwenye boya la kuogelea, lisivumilike kwenye chakula. Mandazi ni mfano wa pande zote mbili: silabi mbili za mwanzo ni jina chafu la utupu wa mwanamke, na mkazo wetu unaangukia *da*, sawa na wao. Kama unauza mandazi kwa Warusi, kwenye menyu ya Kirusi yaite `пончики`, vitumbua vyao vya mafuta, na la Kiswahili libaki jikoni.

Mtaalamu mzuri hukuonyesha pia njia ya kutokea, si kukataa tu. Wachina wana silabi *hui* kwenye majina mengi ya watu na miji. Ikiandikwa kwa Kirusi jinsi inavyosikika, ni lile tusi la kwenye basi. Ndiyo sababu mfumo wa Kirusi wa kuandika Kichina huipa tahajia ya `хуэй`, herufi moja ya ziada inayolipitisha jina salama. Mara nyingi jina halihitaji kufa, linahitaji kuandikwa vingine.

Sasa kosa langu. *Hebu jaribu* niliipitisha mimi, kwa maandishi, na ada nikachukua. Nilijua kuwa *ebu* linakaribiana na kitenzi cha *mat*, lile la tendo la ndoa katika nafsi ya kwanza. Nikajenga hoja kwenye karatasi: letu lina *h*, mkazo wetu uko mwanzoni na wao wanauweka mwishoni, na lao huanza na *ye*, si *e*. Hoja tatu, zote za kweli. Nikaandika "hatari ndogo".

Shida ya mtu anayejua lugha zote mbili ni hiyo. Nilikuwa nalisikia neno kwa Kiswahili, huku nikilipima kwa Kirusi. Hata Mrusi aliyesoma Kiswahili vizuri hana dawa, kwa sababu akisikia *hebu* kichwa chake kinakwenda moja kwa moja kwenye maana. Sikio la mgeni analo mgeni peke yake.

Njia ya tatu: kuwasikilizisha watu, wiki moja

Tulifanya hivi kwa sababu yule dada mwenyewe alisisitiza. Alirekodi kwa simu majina na kaulimbiu yake, kila kitu mara tatu: polepole, kawaida, na jinsi msaidizi wake anavyopaza sauti ufukweni. Tukawatumia watu 8 wanaozungumza Kirusi kuanzia utotoni, wanawake kwa wanaume, wa miaka ishirini hadi sitini na kitu, kila mmoja peke yake. Si kwenye kundi la Telegram, maana wa kwanza akijibu, waliobaki wanamfuata. Tukawaacha nje Warusi wanaoishi Zanzibar, ambao masikio yao yamekwisha kuzoea *dada* na *karibu*.

Maswali yalikuwa matatu. Andika ulichosikia, kwa herufi zenu. Ni kitu gani cha kwanza kilichokujia kichwani? Je, ungemtamkia muuzaji neno hili mbele ya mama mkwe wako? Hatukuuliza kama neno ni baya. Ukimuuliza Mrusi mstaarabu swali hilo atasema *normalno*, yaani "sawa tu", na *normalno* yaweza kuwa na maana yoyote. Swali la mama mkwe ndilo lililofanya kazi. Mama mmoja mtu mzima hakuandika chochote kwenye swali la kwanza la kaulimbiu, akaandika kwenye la tatu: "Nisingependa." Hilo nalo ni jibu.

Kwenye *Hebu jaribu*, watu 5 kati ya 8 waliandika tusi lenyewe au wakaacha nukta badala yake. Nikasikiliza upya nikaelewa. Katika sentensi iliyopazwa ufukweni mkazo wote unakimbilia *ri* ya *jaribu*, na *hebu* inabaki imelegea, *h* imepeperuka. Hoja yangu ya mkazo ilikuwa ya neno lililosimama peke yake, na kaulimbiu haisimami peke yake. Halafu mmoja akaongeza kitu ambacho nilipaswa kukijua: vijana wa Kirusi wanapoandika tusi hilo kwa herufi za Kilatini huandika `ebu`, herufi kwa herufi kama wengi wetu tunavyoliandika Instagram. Na nusu ya pili ya kaulimbiu? Watatu walisikia *rybu*, samaki. Kitenzi kichafu kikifuatiwa na samaki, kwenye kibao cha saluni.

Warusi wenyewe wana kumbukumbu ya jambo la namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shampuu ya Wash & Go iliingia kwao kwa matangazo ya televisheni, na sikio la watu likapata *vosh*, yaani chawa. Ukitazama maandishi huoni mdudu hata mmoja. Utani wa shampuu ya chawa ungali unakumbukwa na waliokuwa watu wazima wakati ule.

Kasoro ya njia hii ni kwamba inakupa vichekesho vingi. Ukiwauliza watu 8 walivyosikia, kila neno duniani litafanana na kitu. Mimi hufuata kipimo hiki: mtu mmoja akisikia jambo la ajabu, naliandika naliacha, wawili wasioonana wakisikia lilelile, nalichunguza, na likiwa ni *mat*, hata mmoja anatosha kulirudisha mezani. Kasoro nyingine ni kwamba sauti haikamati kosa la macho. Hakuna aliyeshtushwa na *Nazi Safi* hadi tulipowatumia picha ya chupa. Kwa hiyo sasa natuma vyote viwili, sauti leo, picha kesho, kwa utaratibu huo.

Kwa wanaopenda kuona pembeni kwa pembeni, matokeo yalikuwa hivi:

| | Mwenyewe mezani | Mtaalamu mmoja | Wasikilizaji 8 |
|---|---|---|---|
| Muda | jioni 1 | siku 1–2 | wiki 1 |
| Suka | limekamatwa | limekamatwa | limekamatwa |
| Nazi Safi | kwa herufi za Kirusi limepita, kwa Kilatini limekamatwa | limekamatwa | kwa sauti limepita, kwa picha limekamatwa |
| Hebu jaribu | limepita | limepita (aibu yangu) | limekamatwa na 5 |
| Dada | limepita, ila halitafutiki | limepita | limepita |

Uchague ipi

Kama ni bango la safari moja ya boti, au ubao wa chaki unaofutwa jioni, jikague mwenyewe halafu umwonyeshe Mrusi mmoja asiyejua Kiswahili. Kumlipa mtu kama mimi kwa kazi hiyo ni kutupa pesa.

Kama ni menyu, kijitabu au ukurasa wa hoteli, vitu vinavyosomwa zaidi kuliko kusikika, mtaalamu ndiye wa kutangulia. Hapo maumbo ya maneno na daraja la adabu vina uzito kuliko sauti, na wasikilizaji 8 watakuchelewesha bila sababu.

Jina la kibao, na kaulimbiu yoyote itakayopazwa kwa mdomo au kuwekwa kwenye video, lisipakwe rangi kabla ya wasikilizaji. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, ruka mtaalamu, jikague mezani kisha nenda kwao. Nasema hivi nikijua najinyima ada.

Na kama chupa itauzwa ndani ya Urusi, zote tatu hazitoshi, kwa sababu unaingia kwenye sheria. Sheria yao ya matangazo ya mwaka 2006, namba 38-FZ, inakataza katika kifungu cha 5 maneno ya matusi na misemo ya kuudhi, na msimamizi wake ni mamlaka ya kuzuia ukiritimba, FAS. Ofisi ya alama za biashara, Rospatent, nayo inaweza kukataa kusajili jina linalokwenda kinyume na maadili, kwa kifungu cha 1483 cha sheria yao ya madai. Hapo unahitaji wakala wa alama za biashara wa kulekule, ambaye pia ataangalia kama jina lina mwenyewe. Saluni ya Nungwi haina haja naye.

Yule dada hatimaye aliliacha hata *Dada*, kwa sababu ile ya kutotafutika, akachukua jina lililokuwa puani mwake muda wote: *Asumini*. Mezani halikuleta kitu. Mimi sikuona kitu, ingawa neno langu kwake lilikuwa limeshuka bei. Kwa wasikilizaji walewale 8, wawili walilihusisha na yasmini, wanne hawakuwaza chochote, na wawili waliandika `алюминий`, wakiuliza kama anauza masufuria. Nilicheki: mkazo ni uleule, *mi*. Wawili wamesikia lilelile, kwa hiyo kwa kipimo changu tulilichunguza, tukaona alumini haimtukani mtu. Akamwita mchoraji wa vibao, akamwagiza achore ua kubwa kando ya jina.